Wimbi

Kwenye karatasi ya kipimo cha umeme wa moyo, neno "wimbi" huenda na herufi: wimbi P, wimbi T. Mgonjwa wa figo akikosa dayalisisi na potasiamu ikapanda, mara nyingi dalili ya kwanza huonekana kwenye T. Huwa refu, jembamba, lenye ncha kali na pande zinazolingana, kama hema. Kisha P, alama ya vyumba vya juu vya moyo, hulala hadi kutoweka, na QRS inayoifuata hupanuka. Ikipanuka mno huungana na T, na karatasini hubaki mstari mpana unaopanda na kushuka tu. Hapo mawimbi yote yamekuwa moja, na moyo unaweza kusimama wakati wowote. Daktari hasubiri majibu ya maabara. Humdunga mgonjwa kalsiamu mshipani. Kalsiamu haipunguzi potasiamu, bali huukinga moyo kwa muda wakati tiba nyingine zikiandaliwa. Lakini mabadiliko hayo ya mawimbi hayafuatani hivyo kila mara: mtu mwenye potasiamu ya juu sana anaweza kuwa na karatasi isiyo na kasoro.