Umekatiwa, na nani?

Mnunuzi wa korosho za Mtwara aliye Vietnam akiuliza habari za bima, mara nyingi hujibiwa: "Mzigo umekatiwa." Kitenzi hicho kinamficha mkataji. Mkataba ukiwa CIF, mkataji ni muuzaji, ingawa hatari humhamia mnunuzi mara shehena inapopakiwa melini. Ukiwa CFR, muuzaji hulipa nauli tu. Mnunuzi ajikatie mwenyewe.

Hata kwenye CIF, kinga ya lazima ni ile finyu, daraja C: meli ikizama, fidia ipo; maji ya bahari yakipenya kontenani na kulowesha korosho, hakuna. Kwa hiyo mnunuzi aandike waziwazi: "Nani amekata, daraja gani, kwa kiasi gani? Nitumie cheti." Korosho za dola 50,000 hukatiwa walau 55,000.