Sheria Ilikuwepo Kasigau, na Hapo Ndipo Shida Ilipo

Hapa Voi msee akizungushwa na ofisi ya ardhi wiki ya tatu, lazima aseme: "Hii nchi haina sheria bana." Mimi nakataa. Sheria iko, tena iko kitambo sana, na baadhi ya mambo mabaya zaidi waliyofanyiwa watu wa Taita Taveta yalifanyika ikiwa macho kabisa. Nilisoma sheria kidogo kabla ya kuacha chuo, na kati ya yote niliyosoma, hili ndilo halijanitoka kichwani.

Kulikuwa na profesa wa Oksfodi anaitwa H.L.A. Hart. Mwaka 1961 alichapisha kitabu kinachouliza swali linaloonekana la kitoto: utajuaje kwamba mahali fulani kuna mfumo wa sheria? Hart ni wa kundi linaloitwa wapositivisti. Msimamo wao, kwa ufupi, ni kwamba kuwepo kwa sheria ni jambo la kuchunguza tu, kama vile unavyochunguza kama mto una maji. Kama sheria hiyo ni ya haki, hilo ni swali lingine, liulize kivyake.

Hart anagawa kanuni mara mbili. Za daraja la kwanza zinakuambia ufanye nini au usifanye nini. Wadawida walikuwa nazo tele: usikate mti ndani ya fighi, ule msitu mtakatifu, na usilime kipande cha ukoo mwingine. Za daraja la pili ni kanuni kuhusu kanuni: nani anaamua ugomvi, kanuni inabadilishwaje, na kubwa zaidi, tunajuaje kwamba jambo fulani ni sheria. Hiyo ya mwisho anaiita kanuni ya utambuzi.

Hart alidhani jamii ndogo zinaweza kuishi na za daraja la kwanza peke yake, na akaziona kama hazijafika kwenye sheria kamili. Hapo kwangu alikosea kidogo kuhusu watu kama sisi. Milimani wazee walikaa, wakasikiliza pande mbili, wakaamua, na watu wakajua uamuzi wa nani una uzito. Hiyo tayari ni daraja la pili, hata kama hakuna aliyeiandika.

Sasa, mfumo unahitaji nini ndio tuseme upo? Hart anataka vitu viwili. Cha kwanza, watu wengi watii kanuni za daraja la kwanza, kwa sababu yoyote ile, hata woga. Cha pili, maafisa wenyewe, yaani mahakimu, makarani na polisi, waikubali kanuni ya utambuzi kama kipimo chao cha pamoja cha kazi. Umeona? Raia hahitajiki kuikubali. Anahitajika kutii tu. Hart mwenyewe alikiri kwamba jamii ya namna hiyo inaweza kuwa kama kondoo, na mwisho wa kondoo ni machinjioni. Lakini bado, akasema, mfumo wa sheria upo.

Leta hiyo nyumbani. Waingereza walitangaza himaya yao Afrika Mashariki mwaka 1895. Tangu hapo kukawa na kanuni mpya ya utambuzi: sheria ni kile kilichotoka kwa Malkia London au kwa mtu aliyepewa mamlaka na London. Mzee wa Sagalla hakuulizwa. Aliyeikubali ni afisa wa wilaya na hakimu wake, na kwa kipimo cha Hart hao wanatosha, mradi wengine watii.

Mambo yalichanganyika Agosti 1914. Wajerumani walivuka kutoka upande wa Moshi, wakateka Taveta, wakakaa mpaka Machi 1916. Vitabu vya Nairobi viliendelea kusema Taveta ni ya Mwingereza, lakini pale chini hakukuwa na afisa wake hata mmoja wa kuzitumia sheria hizo. Kwa hivyo karatasi peke yake haitoshi. Lazima kuwe na watu wanaoifanyia kazi.

Halafu Kasigau. Agosti 1915 Wajerumani walishambulia kituo cha Waingereza kule, na Waingereza wakawashuku wanakijiji kwamba ndio waliowaonyesha njia. Nyumba zikachomwa, watu wakakusanywa na kupelekwa Malindi. Hapakuwa kwao, hali ya hewa haikuwa yao, na wengi walifia huko. Waliobaki walirudi kwenye mlima wao miaka ya 1930.

Mwaka huohuo wa 1915 serikali ya kikoloni ilipitisha Sheria ya Ardhi za Mfalme. Sheria hiyo iliweka ardhi iliyokaliwa na makabila ya wenyeji ndani ya ardhi ya Mfalme. Baadaye, katika kesi ya Isaka Wainaina iliyotoka Ukikuyuni, mahakama kuu ikaamua kwamba Mwafrika kwenye shamba lake ni mpangaji tu, anayekaa kwa hiari ya Mfalme. Piga hesabu ya hayo mawili. Mkasigau aliyerudi aliweza kukuonyesha kaburi la babu, mwembe wa shangazi na mpaka wa ukoo. Kwa mila ushahidi huo ulitosha. Kwa hakimu wa mkoloni, swali la kwanza lilikuwa kama mila yenyewe imetambuliwa kuwa chanzo cha haki ya ardhi, na jibu lilikuwa hapana. Ushahidi wake haukuwa dhaifu. Ulikuwa wa mfumo mwingine.

Uhuru haukufuta mashine hiyo, ulibadilisha madereva. Sheria ya Mamlaka ya Mahakama, Sura ya 8, ya mwaka 1967, bado inawaambia mahakimu wa Kenya watumie sheria za kimila kwenye kesi za madai, ila tu kama hazichukizi haki na maadili na hazipingani na sheria iliyoandikwa. Sheria hiyohiyo inataja tarehe 12 Agosti 1897 kama siku ya kupimia sheria za Uingereza zinazotumika huku. Ndio, mpaka leo.

Kwa hivyo leo mzee akisimama katika mahakama ya Voi na kusema mila ya Kidawida inampa dada haki fulani, hakimu anapanda ngazi. Mila inatambuliwa na Sura ya 8. Sura ya 8 inasimama kwa sababu ya Katiba, na Ibara ya 2 ya Katiba inasema mila inayopingana nayo ni batili. Na Katiba je, nani aliipa nguvu? Utaniambia kura ya Agosti 2010, nami nitakuuliza nani alisema kura inatosha. Hapo ngazi inaisha. Hart anasema usitafute karatasi nyingine. Kanuni ya mwisho ipo kwa sababu mahakimu, wabunge na polisi wanaitumia kila siku kama kipimo.

Ndiyo maana sipendi ile "hakuna sheria". Ukisema hivyo, 1915 inakuwa bahati mbaya, kama radi. Haikuwa radi. Walikuwepo maafisa waliokubaliana nini kihesabike kuwa haki ya ardhi, na wa kwetu hawakuwa mezani.

Mwaka 2016 Bunge lilibadilisha sheria ya Tume ya Taifa ya Ardhi na kueleza dhuluma ya kihistoria ya ardhi ni ipi: ile iliyotokea kati ya 15 Juni 1895 na 27 Agosti 2010. Kasigau iko katikati ya tarehe hizo. Kwa mara ya kwanza, lile kaburi la babu lilipata mlango wa kuingilia, na watu wakapewa miaka mitano tu ya kupeleka madai. Karne nzima ya kungoja, na miaka mitano ya kutafuta nani bado anakumbuka mpaka ulipita wapi.