Faili la Mikato: Kuzungushia Alama na Kusimba Herufi

CSV hufasiriwa kwa Kiswahili kuwa "thamani zilizotenganishwa kwa mkato". Fasiri hiyo ni ya haki, lakini ni ndefu mno kwa matumizi ya kila siku, na neno "thamani" humfanya mwenye duka afikirie bei tu. Naona "faili la mikato" latosha. Ndani yake hamna rangi, fomula wala visanduku, bali matini tupu. Kila mstari wa jedwali unakuwa mstari wa faili, na mkato ndio ukuta unaotenga seli na seli.

Shida huanza pale mkato unapokuwa ndani ya seli yenyewe. Tuchukue orodha ya duka la vifaa vya ujenzi yenye safu tatu: bidhaa, maelezo na bei. Mtu akiandika hivi kwa mkono:

```
Bidhaa,Maelezo,Bei
Rangi,Nyeupe, lita 4,38,500
```

programu itahesabu seli tano katika mstari wa pili. Kwenye safu ya bei itasoma "lita 4", na zile 38,500 zitagawanyika vipande viwili nje ya jedwali. Kwa bei dawa ni nyepesi: andika 38500 bila mkato. Kwa maelezo, seli nzima huzungushiwa alama za mtajo mbilimbili, na mkato ulio ndani unabaki mkato wa kawaida. Wengine huita jambo hili "kunukuu". Silipendi neno hilo, maana hapa hakuna anayenukuliwa. "Kuzungushia" inasema kinachotendeka.

Je, alama ya mtajo yenyewe ikiwa ndani ya seli? Mafundi huandika nusu inchi kama 1/2". Kanuni iliyomo katika waraka wa RFC 4180 wa mwaka 2005 ni kuirudia alama hiyo mara mbili:

```
Bidhaa,Maelezo,Bei
Rangi,"Nyeupe, lita 4",38500
Bomba,"PVC, 1/2""",12000
Waya,Wa zizi la ng’ombe,95000
```

Zile alama tatu baada ya 1/2 si kosa la uchapaji. Mbili za kwanza ni inchi, ya tatu inafunga seli. Ukisahau moja, programu itaona inchi, kisha itaendelea kutafuta alama ya kufunga, huku ikimeza bei ya bomba na mstari mzima wa waya ndani ya seli moja. Mara nyingi haitalalamika. Utagundua kwa kuhesabu: mistari iliyoingia ni michache kuliko uliyotuma. Tena usiweke nafasi kati ya mkato na alama ya kufungulia, kwa kuwa programu nyingi huhesabu nafasi hiyo kuwa sehemu ya seli, na alama inayoifuata haihesabiwi tena kuwa ya kuzungushia.

Excel hufanya haya yote yenyewe unapohifadhi. Ila kwenye kompyuta yenye mipangilio ya Kifaransa, ambako mkato hutumika kwa desimali, hutenga seli kwa nuktamkato. Mtu wa Bujumbura akimtumia mwenzake wa Mwanza faili la namna hiyo, huenda likafunguka lote katika safu moja.

Usimbaji ni jambo jingine. Neno hili lisichanganywe na usimbaji fiche, ambao huficha siri. Usimbaji wa herufi ni mapatano ya namba zipi zisimame badala ya herufi ipi. Kiswahili hutumia herufi za kawaida tu, kwa hiyo hitilafu hujificha mpaka tufike kwenye ng'ombe. Word hupenda kugeuza kile kikoma cha juu kuwa kilichopinda, ambacho katika UTF-8 huandikwa kwa baiti tatu: E2 80 99. Excel ikilifungua faili kwa kudhani ni Windows-1252, kila baiti inakuwa herufi yake, na zizi linakuwa la `ngâ€™ombe`.

Ukiliona hilo, usihifadhi. Ukihifadhi, takataka hizo zitaandikwa kwenye faili kama maandishi halali. Lifunge, kisha uliingize upya kupitia `Data > From Text/CSV` na uchague `65001: Unicode (UTF-8)`. Unapotengeneza faili, chagua `CSV UTF-8 (Comma delimited)`, si `CSV` ya kawaida, ambayo inaweza kugeuza jina la Kiarabu kuwa alama za kuuliza tupu.

Chaguo hilo huongeza baiti tatu mwanzoni, EF BB BF, zinazoitambulisha UTF-8. Excel huzifurahia, lakini programu isiyozitarajia itasema haioni safu ya Bidhaa, kwa kuwa kwake jina hilo limeanza na `ï»¿`. Anayesoma faili kwa Python aandike `encoding="utf-8-sig"`, na baiti hizo zitaondolewa.