Anguko la Washindi: Kurejea Kwenye Wastani na Mitihani ya Akili Unde

Mwaka 1886 Francis Galton, Mwingereza aliyekuwa na shauku ya kupima karibu kila kitu kipimikacho, alitoa hisabu ya vimo vya watoto wazima 928 na vya wazazi wao wa nyumba 205, na ndani yake mlikuwa na jambo la ajabu: wazazi waliouzidi wastani wa inchi 68 na robo kwa inchi 3 walipata watoto waliouzidi wastani huo kwa takriban inchi 2 tu, hali wazazi wafupi walipata watoto waliowapita wao kidogo. Mwenye pupa angesema damu ya warefu hupungua nguvu kizazi hata kizazi. Lakini hisabu hizo hizo ukizisoma kinyume, ukaanza na watoto warefu kisha ukawatazama wazazi wao, utaona kwamba sasa wazazi ndio wasiofikia kimo cha watoto. Na hakuna damu itendayo kazi kurudi nyuma katika zama. Sababu, basi, haimo katika miili ya watu, bali imo katika uteuzi wetu sisi, tulioanza kwa kuwachagua waliokithiri.

Ndilo jambo linalowahadaa leo wapimaji wa modeli za akili unde. Natuchukue modeli 20 ambazo, kwa hakika yake, zina uwezo mmoja, kila moja ikijibu sawasawa asilimia 70 ya maswali ya namna fulani, na tuzitahini kwa maswali 500. Kila moja yatarajiwa kupata 350, illa bahati ya maswali yaliyoangukia mtihanini, pamoja na bahati ya kila modeli katika kujibu, huipandisha au kuishusha kwa kiasi cha maswali 10 hivi. Na katika 20, ikiwa bahati zao hazifungamani, ile ya juu kabisa yamkini itapata karibu 369, yaani takriban asilimia 74, na ya mkiani karibu 331. Aliyeiunda ile ya kwanza atafanya karamu. Mwezi ujao zikitahiniwa kwa maswali mapya 500, zote mbili hurejea karibu na 350: mshindi aambiwe ameharibika, na yule wa mkiani, ikiwa baina ya mitihani miwili alifanyiwa matengenezo yoyote, hata yasiyo na maana, fundi wake apewe sifa asizostahiki.

Modeli za kweli hazilingani hivyo, nami sidai kwamba kila ushindi ni bahati tupu. Ikiwa tofauti zao za hakika zina upana sawa na ule wa bahati, basi, kwa kadiri, nusu ya ziada ya mshindi hubaki na nusu hupotea; na kadiri maswali yanavyozidi, sehemu ipoteayo hupungua.

Amma wako wanaokwenda upande wa pili, wakaeleza kila anguko kwa kanuni hii, nao pia wamekosea. Kurejea kwenye wastani kuna alama yake: wa juu hushuka, wa chini hupanda, na wastani wa kundi zima hukaa pale pale. Mwaka 2019 Benjamin Recht na wenzake wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, walikusanya upya picha za mtihani mashuhuri wa ImageNet kwa kufuata utaratibu wa awali, na modeli walizozipima zikashuka kwa asilimia 11 hadi 14. Lakini zilishuka zote, daraja zao zikabaki karibu vile vile, na zilizokuwa bora hazikuporomoka kuliko nyingine, bali zilielekea kushuka kidogo zaidi kuliko dhaifu. Hiyo si sura ya bahati iliyomwacha mshindi. Waandishi wenyewe waliegemea rai kwamba picha mpya zilikuwa ngumu zaidi kidogo. Kwa hiyo anayetaka kujua sababu ya anguko asimtazame mshindi peke yake: autazame mkia.

Kuna hila nyingine, iliyo nyembamba zaidi, ambayo nadhani ndiyo yenye madhara makubwa. Mtu huyakusanya maswali 150 ambayo modeli ya zamani iliyakosa, akaipa modeli mpya, ikajibu 55 sawasawa, naye akatangaza kwamba majibu sahihi yametoka sifuri hadi 55. Sifuri ile haikupimwa, ilichaguliwa. Kwa kuwa modeli nyingi hujibu kwa namna ya kubahatisha baina ya maneno, swali lililokosewa leo laweza kupatiwa kesho na modeli ile ile pasipo kuguswa. Dawa yake ni nyepesi, japo huwaudhi wenye haraka: modeli ya zamani nayo iulizwe tena maswali yale 150. Tuseme safari hii imepata 40. Basi maendeleo yaliyopatikana ni maswali 15, na hata hayo yangali yana bahati ndani yake.