Kiungo cha muda

Kiungo cha muda ni anwani ya intaneti inayomruhusu mtu kufungua faili, kama vile picha, kwa kipindi kilichopangwa tu. Kipindi hicho kikipita, seva hukataa kuitoa picha hata kama bado imehifadhiwa. Viungo vya aina hii hutumiwa sana katika hifadhi ya wingu, yaani kompyuta za mbali ambazo watu na makampuni hukodi ili kuweka mafaili yao.

Picha iliyotumwa kwa njia hii huwa na mihula miwili: muhula wa kiungo na muhula wa picha yenyewe. Mara nyingi kiungo ndicho kinachotangulia kufa. Kuanzia siku hiyo hadi siku picha inapofutwa, aliyeiweka anaweza bado kutoa kiungo kipya. Picha ikishafutwa, kiungo kipya hakisaidii kitu.

## Namna kinavyofanya kazi

Katika hifadhi ya wingu, picha huwekwa ndani ya ghala ambalo kwa kawaida limefungwa kwa watu wa nje. Ili kumruhusu mtu asiye na akaunti aione picha moja, mwenye ghala hutengeneza kiungo chenye saini. Saini hiyo ni mfululizo wa herufi na tarakimu unaotokana na hesabu inayounganisha jina la faili, wakati kiungo kilipotengenezwa, urefu wa muda wake na ufunguo wa siri.

Seva inapopokea ombi hurudia hesabu ileile. Jibu likilingana na saini, na muda ukiwa haujapita, picha hutolewa. Kwa kuwa muda ni sehemu ya hesabu, mtu hawezi kuurefusha kwa kubadilisha tarakimu ndani ya kiungo. Akifanya hivyo saini hailingani tena, na seva hukataa.

Utaratibu huu una faida yake. Kiungo kinaweza kupita mikononi mwa watu wengi bila mwenye picha kujua, na muda mfupi hupunguza madhara ya kusambaa huko.

## Mfano

Huduma ya Amazon S3 huandika muda waziwazi ndani ya kiungo. Tuseme mpiga picha wa mahafali ameweka picha ghalani tarehe 5 Machi 2024, na papo hapo akawatumia wazazi kiungo kama hiki, ambacho hapa kimefupishwa na kukatwa katika mistari ili kisomeke:

```
https://mahafali.s3.amazonaws.com/darasa.jpg
?X-Amz-Date=20240305T060000Z
&X-Amz-Expires=604800
&X-Amz-Signature=...
```

Sehemu ya `X-Amz-Date` ni wakati kiungo kilipotengenezwa: mwaka 2024, mwezi wa 3, tarehe 5, saa 06:00. Herufi Z huonyesha kwamba ni saa za dunia (UTC). Kwa Afrika Mashariki huongezwa saa 3, hivyo ilikuwa saa tatu kamili asubuhi. `X-Amz-Expires` ni muda kwa sekunde. Siku moja ina sekunde 86,400, kwa hiyo 604,800 ni siku 7. Hicho ndicho kikomo cha juu cha viungo vya aina hii katika S3. Basi kiungo kinakufa tarehe 12 Machi saa tatu asubuhi.

Tuseme pia kwamba ghala lina kanuni ya kufuta kila faili baada ya siku 30, ili kupunguza gharama. S3 huhesabu siku 30 tangu faili lilipowekwa, kisha husogeza mbele hadi usiku wa manane unaofuata kwa saa za dunia. Picha hiyo basi inafikia muhula wake kuanzia tarehe 5 Aprili, saa tisa usiku kwa Afrika Mashariki.

Mzazi anayebofya kiungo tarehe 20 Machi atakataliwa, lakini picha bado ipo na mpiga picha anaweza kumpa kiungo kingine. Mzazi anayesubiri hadi katikati ya Aprili amechelewa, isipokuwa kama ghala limepangwa kutunza matoleo ya zamani ya mafaili, au mpiga picha ana nakala nyingine.

Kiungo kinaweza pia kufa kabla ya tarehe iliyoandikwa. Kikitiwa saini kwa kibali cha muda kinachodumu saa chache tu, kibali hicho kikiisha kiungo nacho huisha, hata kama kinaonyesha siku 7.

## Kutambua kilichotokea

Ukurasa wa kosa hueleza mengi. Katika S3, kiungo kilichopita muda hurudisha namba 403 pamoja na maneno haya:

```
<Code>AccessDenied</Code>
<Message>Request has expired</Message>
```

Hapa kilichokufa ni kiungo, na mwenye ghala anafaa kuulizwa mapema. Kibali kilichoisha huonyesha `ExpiredToken`, na kiungo kilichoharibika wakati wa kunakiliwa huonyesha `SignatureDoesNotMatch`. Namba 404 pamoja na `NoSuchKey` humaanisha kwamba faili lenye jina hilo halimo ghalani.

Anayetuma kiungo anaweza kudanganyika. Kivinjari chake huweka nakala ya picha alizokwisha kuona, na baadhi ya programu za ujumbe hutunza picha ndogo ya onyesho. Kwake picha inaonekana, kumbe kwa anayeifungua mara ya kwanza haipo. Kujaribu kiungo kwenye simu nyingine huondoa shaka hiyo.

## Viungo vilivyobadilishwa kuwa vya muda

Mwaka 2023 Discord ilitangaza kwamba viungo vya mafaili yaliyopakiwa kwenye huduma yake vitaisha baada ya saa 24 vinapotumiwa nje yake, na ikaeleza kwamba lengo ni kuzuia usambazaji wa programu hasidi. Ndani ya Discord kiungo huhuishwa chenyewe, kwa hiyo picha inaendelea kuonekana. Kiungo hichohicho kikibandikwa kwenye tovuti nyingine hufa siku inayofuata. Viungo hivyo hutambulika kwa sehemu zinazoanza na `ex=`, `is=` na `hm=`, ambapo `ex` hubeba wakati wa kuisha.

## Kuzuia upotevu

Njia ya uhakika kwa mpokeaji ni kupakua picha yenyewe kabla ya muda kuisha. Kuhifadhi ujumbe wenye kiungo ni kuhifadhi anwani tu. Vilevile, kunakili picha iliyoonyeshwa kwa udogo hutoa nakala hafifu, kwa hiyo ni vizuri kufungua picha kamili kwanza.

Kwa watengenezaji wa tovuti, kosa la kawaida ni kuandika kiungo chenye saini katika hifadhidata. Tovuti huonekana nzima wakati wa majaribio, kisha picha zote hutoweka baada ya siku chache. Kinachopaswa kuhifadhiwa ni jina la faili, kama `darasa.jpg`, na tovuti itengeneze kiungo kipya kila mara ukurasa unapofunguliwa. Hata hivyo, njia hiyo hutibu muhula wa kiungo peke yake. Kanuni ya kufuta mafaili ghalani lazima ikaguliwe kivyake.