Merikebu za Nani?

Mdogo wangu alinitumia picha ya karata usiku wa manane, bila hata salamu. Mtu amesimama ukingoni mwa jabali, ametugeuzia mgongo. Amezungukwa na fimbo tatu zilizosimikwa ardhini, zenye machipukizi ya majani, na moja ameishika kwa mkono. Mbele yake ni bahari ya rangi ya dhahabu, na merikebu zinapita mbali. Chini ya picha aliandika: "Dada, hii ina maana nimepata?"

Alikuwa amengoja miezi minne jibu la ufadhili wa masomo ya uzamili ng'ambo. Wiki hiyo shule aliyokuwa akifundisha kama kibarua ilikuwa imempa mkataba wa mwaka mmoja, na alitakiwa kujibu kabla ya Ijumaa. Rafiki yake anayesoma karata za taroti ndiye aliyemtolea hiyo, akamwambia asitie saini. Ni karata ya kupanuka na ya subira, alisema. Safari yako iko njiani.

Mimi siamini kwamba karata inajua kilichomo ndani ya barua ambayo haijaandikwa. Lakini napenda picha za kale, na hii nilikuwa naijua ilikotoka. Basi nikampigia.

Nilianzia na jina. Wasomaji wa taroti huiita Tatu ya Fimbo. Mchezaji wa karata barazani angeiita tatu ya pau, wala asingekosea. Kopa, uru, shupaza na pau ni majina tuliyoyapata kwa Wareno, na kwa lugha yao ni kikombe, dhahabu, upanga na fimbo. Hizo ndizo nembo nne za karata za zamani za Italia, Hispania na Ureno. Hata turufu tunayoipiga mezani kwa kishindo ina ukoo na taroti: katika karne ya 15, kaskazini mwa Italia, taroti ilianza kama mchezo, na jina lake la kwanza lilitokana na neno hilohilo. Watu waliicheza miaka mingi kabla ya Wafaransa wa karne ya 18 kuanza kuipigia ramli na kuchapisha vitabu vya maana zake.

Katika karata hizo za mchezo hakukuwa na jabali wala bahari. Tatu ya fimbo ilikuwa fimbo tatu zilizopishana, basi. Mtu na merikebu zake walizaliwa London mwaka 1909, wakati Arthur Edward Waite, mwandishi wa mambo ya siri na ibada za kale, alipomwomba Pamela Colman Smith achore karata 78 mpya. Smith alizipa karata za namba picha kamili, kila moja kama tukio la jukwaani. Kampuni ya William Rider na Mwanawe ilizitoa Desemba mwaka huo.

"Kwa hiyo merikebu zinakuja au zinaondoka?" mdogo wangu aliuliza.

Swali hilo ndilo moyo wa karata. Picha haijibu. Waite, katika kitabu chake cha maelezo, aliandika kwamba merikebu ni za yule mtu mwenyewe, zimebeba bidhaa zake. Maana alizozitaja ni za mfanyabiashara: nguvu iliyokwisha kupata msingi, juhudi, biashara, ugunduzi. Ndiyo maana wasomaji wa leo huitofautisha na karata iliyo kabla yake. Katika Mbili ya Fimbo mtu yuko juu ya ukuta wa ngome, ameshika dunia ndogo mkononi kama chungwa. Huyo bado anapanga. Mtu wa Tatu ametoka nje ya ukuta, na mali yake imeshapakiwa. Kupanuka kunakosemwa na karata hii ni kwa mtu aliyekwisha kutuma kitu, na subira yake ni ya kungoja faida ya kitu hicho.

Hapo nikamuuliza: wewe umetuma merikebu ngapi?

Akanyamaza. "Moja," akasema. Chuo kimoja, ombi moja. Na barua ya mmoja wa wadhamini wake hakuwa na hakika kama ilifika.

Nikamwambia jambo la pili la Waite, ambalo wasomaji wengi hulipita. Aliongeza kwamba karata huweza kuonyesha ushirikiano, kana kwamba tajiri huyo anatazama kutoka upande wake kuelekea upande wako, akitaka kukusaidia. Basi huenda wewe si yule wa juu ya jabali. Huenda mwenye merikebu ni yule anayetoa ufadhili, nawe uko ng'ambo ya maji, humwoni. Ukiisoma hivyo, subira peke yake haitoshi, inabidi uonekane.

Kisha nikamsimulia habari ya mchoraji, kwa sababu yeye hasemwi kwenye maana za karata.

Smith alizaliwa London mwaka 1878, wazazi wake Wamarekani. Utoto wake ulikuwa wa kuvuka bahari: Manchester, Jamaika ambako baba yake alifanya kazi, kisha Brooklyn kusomea sanaa, halafu London tena. Hadithi za Anansi alizozisikia Jamaika alizichapisha kitabu mwaka 1899. Mwaka 1907 Alfred Stieglitz alionyesha michoro yake katika ukumbi wake wa New York, uliokuwa hadi hapo wa picha za kamera. Kama kuna aliyejua kutazama merikebu na kungoja habari ya ng'ambo, ni yeye.

Novemba 1909 alimwandikia Stieglitz barua, akimweleza kwamba amemaliza kazi kubwa kwa fedha kidogo sana: michoro ya karata za taroti. Karata zikaenda dunia nzima na zinaendelea kuchapishwa hadi leo. Yeye alifariki mwaka 1951 huko Bude, Cornwall, akiwa na madeni, na vitu vyake vikauzwa kuyalipa. Kwenye kona ya karata utaona alama yake ndogo, herufi za jina lake zimefungamana. Bidhaa ilikuwa yake. Merikebu hazikuwa zake, na hakuna subira ambayo ingezirudisha kwake.

Mdogo wangu alikaa kimya muda mrefu, nikadhani simu imekatika.

"Kwa hiyo rafiki yangu amenidanganya?"

Hapana, nilimwambia. Kupanuka kumo, subira imo. Lakini alisoma jibu mahali ambapo picha ina swali. Karata ya kufika haraka ni Nane ya Fimbo, ambamo fimbo zinapaa angani bila mtu. Hii ya kwako ina mtu, na amesimama. Angalia pia anasimama juu ya nini: jabali kavu, si gatini kwenye maji. Ana mahali pa kukaa wakati anangoja.

Asubuhi alikiandikia chuo kuuliza kama nyaraka zake zimetimia. Jibu lilikuja baada ya siku mbili: barua ya mdhamini mmoja haikuwa imepokelewa. Aliituma upya siku hiyohiyo, na maombi mengine mawili kwa vyuo vingine. Ijumaa alisaini mkataba, baada ya kuuliza kama anaweza kuuvunja kwa notisi ya mwezi mmoja. Walimkubalia.

Bado anangoja.