Chaji ya histidini

Histidini ni asidi amino yenye makundi matatu yanayopokea au kuachia protoni: kaboksili (pKa 1.82), imidazoli (6.00) na amino (9.17). Kila kundi hubaki na protoni zaidi pH ya bafa ikiwa chini ya pKa yake, na huiachia pH ikiipita. Zikilingana, nusu ya molekuli huwa nayo.

Katika bafa ya pH 6.0, kaboksili ina −1, amino +1, na imidazoli wastani wa +0.5. Chaji halisi ni +0.5, hivyo histidini husogea kuelekea elektrodi hasi.

Nukta isoelektriki ni pH ambapo chaji hizo hufutana. Wanafunzi wengi hukosea hapa kwa kutafuta wastani wa pKa zote tatu na kupata 5.66, ambako chaji bado ni chanya. Zinazohesabika ni mbili tu, zinazopakana na umbo lisilo na chaji halisi: (6.00 + 9.17) ÷ 2 = 7.59. Hapo imidazoli hubakiwa na takriban +0.025, na amino imepungukiwa kiasi hichohicho. Histidini ikiwa ndani ya protini, pKa ya imidazoli hubadilika, hivyo hesabu hii haitumiki.